Boksi limefika limerowa: jibu la kwanza kwa mteja, na siku ya kumwahidi

Shikamoo. Nina ofisi ndogo ya vifurushi hapa Lamu. Mizigo yetu inatoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, halafu inavuka kwa boti. Alhamisi jioni mama mmoja fundi wa nguo wa Langoni alinitumia picha kwa WhatsApp: boksi lake la leso limefika limerowa. Bosi wangu wa Mombasa anasema nisijibu chochote mpaka tujue nani amekosea, maana nikijibu nitakuwa nimekubali kosa. Mama huyu ni jirani, mimi humwita shangazi. Nimjibu nini, na nimwambie asubiri mpaka lini?

*

Marahaba mwanangu. Mjibu leo. Kama mpaka unasoma haya bado hujamjibu, mpigie kwanza, kisha mtumie maandishi, na uanze kwa kumtaka radhi kwa saa zilizopita bila neno. Hofu ya bosi wako ina msingi na nitaifikia, lakini njia aliyoichagua ndiyo itakayompotezea ushahidi anaoutaka.

Fikiria mama huyo anafanya nini ukimnyamazia. Leso zimerowa, zimebanana ndani ya boksi, na hewa ya Lamu unaijua. Kwa siku moja au mbili zitaanza kunuka na kufanya ukungu, na rangi ya doti moja itaingia kwenye doti iliyo chini yake. Kwa hiyo hatangoja. Atalichana boksi, atasuuza leso zote kwa maji baridi, ataanika juu darini, na boksi litaishia jalalani. Siku utakapokwenda na daftari lako utakuta leso safi zilizochuja rangi na hakuna kingine cha kuangalia.

Na kitu cha kuangalia kilikuwepo. Maji ya bahari yakikauka kwenye kitambaa au kwenye karatasi ngumu ya boksi huacha ukingo mweupe wa chumvi, unaokwaruza ukiupitisha kidole. Maji ya mvua huacha doa la udongo au doa la maji tu. Kwa mzigo uliopita Mombasa, ukapakiwa ndani ya basi, ukashushwa jetini Mokowe, ukavuka kwa boti na kuletwa na mkokoteni, alama hiyo ndogo inaigawa safari nzima mara mbili: barabarani au majini. Ikishasuuzwa hairudi. Kwa hiyo jibu la kwanza lina kazi mbili kwa wakati mmoja. Linamtuliza aliyeumia, na linakuhifadhia mzigo katika hali uliyofika nayo.

Sasa, hofu ya bosi. Kiwango cha kimataifa cha kushughulikia malalamiko, ISO 10002 cha mwaka 2018, kinashauri lalamiko liandikwe na kupewa namba yake ya utambulisho, na mlalamikaji aambiwe mara moja kwamba limepokewa. Kuchunguza kunakuja baada ya hapo, na uamuzi baada ya kuchunguza. Kumbe kukiri kwamba umepokea si kukiri kwamba umekosa. Alichokatazwa mtu wa kaunta ni kusema “ni kosa letu” au “tutakulipa” kabla mambo hayajajulikana. Hapo bosi yuko sawa kabisa, na kama mizigo yenu ina bima ana sababu ya ziada, kwa kuwa mikataba mingi ya bima humkataza mwenye bima kukubali kosa bila idhini ya kampuni ya bima. Lakini kumpa mtu pole kwa lililomkuta, kumwambia umeona picha zake, utakwenda kuangalia nini na atasikia lini, hakuna hata neno moja hapo linalomfunga bosi wako.

Kuna makosa mawili ninayokutana nayo kila mara katika majibu ya kwanza. Moja ni ule ujumbe wa “Tumepokea malalamiko yako na yanashughulikiwa, asante kwa uvumilivu wako.” Hausemi yamepokewa yapi, na nani anayashughulikia, wala mpaka lini. Mama anabaki pale pale alipokuwa, ila sasa ana sababu ya kukuuliza kila asubuhi. Ujumbe unaojituma wenyewe kwenye WhatsApp ya biashara nao ni wa aina hiyo: unamfikia hata aliyeandika “mambo vipi”, kwa hiyo usiuhesabu kuwa ni jibu la lalamiko.

La pili ni kubahatisha chanzo. “Itakuwa mvua ya njiani, shangazi.” Unasema kwa nia njema, umpe kitu cha kushika. Lakini ukija kugundua Jumamosi kwamba yalikuwa maji ya bahari, mteja ataona hadithi imebadilika, na atauliza kwa nini. Ukisema “labda Mombasa hawakufunga vizuri,” basi umeshamtia hatiani mtu wa Mombasa kabla hajaulizwa, na yeye atakaposikia atakuwa mzito kukupa ukweli. Siku ya kwanza hujui, na mteja mwenye akili anajua kwamba hujui. Anachotaka kujua ni kama utatafuta.

Nitachukulia ujumbe wake uliingia Alhamisi saa 10:30 jioni, kwamba ndani ya boksi kulitakiwa kuwe na doti 24 za harusi, na kwamba basi lililoleta mzigo hurudi Mombasa Ijumaa na kufika tena Mokowe Jumamosi. Wewe badilisha kulingana na hali yako. Ningemwandikia hivi, si zaidi ya nusu saa baada ya kuona picha:

“Asalaam aleikum shangazi. Nimeupata ujumbe wako na picha leo Alhamisi saa 10:30 jioni: boksi la leso kutoka Mombasa, uliloletewa leo, limefika limerowa upande wa chini na rangi zimeanza kuingiliana. Pole sana. Najua ni leso za harusi ya Ijumaa ijayo. Nimeliandika lalamiko lako kitabuni, namba 12, na nitalifuatilia mimi mwenyewe kwa simu hii hii.

Nitakuja kwako leo baada ya magharibi nilione boksi. Mpaka nifike, tafadhali usilitupe boksi wala karatasi zake, na usifue leso. Zitoe tu uzitandaze kivulini, zilizorowa mbali na zilizo kavu.

Tunachotafuta ni mahali liliporowa: Mombasa, ndani ya basi, jetini Mokowe, au kwenye kuvuka. Nitazungumza na kila aliyelishika. Utingo wa basi yuko safarini na atarudi Mokowe Jumamosi, ndiyo maana siwezi kumaliza kesho.

Jumamosi baada ya alasiri nitakupigia nikwambie nimefika wapi, hata kama sina jipya. Jibu kamili, tulichokikuta na tutakachofanya, utalipata Jumanne kabla ya saa 6 mchana, inshallah, kwa simu na kwa maandishi. Uamuzi wa fidia unatoka ofisi ya Mombasa, na utakuwa ndani ya jibu hilo la Jumanne.”

Ni mrefu kidogo kwa ujumbe wa simu, na uwe hivyo. Mtu aliyepata hasara husoma kila neno.

Angalia sentensi ya kwanza inavyomrudishia lalamiko lake kwa ukamilifu. Si mapambo. Inampa nafasi ya kukusahihisha siku ile ile. Watu hulalamika kwa kile kilichowauma zaidi, na mengine huyaacha. Tuseme shangazi anakujibu: “Ahsante mwanangu, lakini si kurowa tu. Nimehesabu doti ni 22, mbili hazimo.” Sasa una malalamiko mawili, yenye chanzo tofauti na mashahidi tofauti. Kama ungemwandikia “tumepokea malalamiko yako” tu, la pili ungelisikia Jumanne, baada ya kuahidi kwamba umemaliza. Liandike nalo kitabuni siku hiyo hiyo, na umjibu kwa mstari mmoja: umelisikia, linaingia katika uchunguzi ule ule, siku ya jibu ni ile ile. Kama haiwezi kuwa ile ile, mwambie hapo hapo.

Ziara ya jioni usiiache. Kutoka bandarini hadi Langoni ni mwendo wa miguu. Chukua picha za boksi pande zote sita, za utepe uliofungia, na za karatasi iliyobandikwa yenye namba ya mzigo. Hesabu doti mbele yake. Kisha mwachie afue, isipokuwa doti moja iliyorowa kuliko zote na boksi lenyewe, ambavyo utaviweka vikauke kivulini bila kuguswa. Hili la kumwachia afue ni muhimu. Huwezi kumwambia mtu aache mali yake iharibike mpaka umalize kuuliza; ukungu utakaoota kati ya Alhamisi na Jumanne kwa sababu ya agizo lako utakuwa ni wako bila ubishi.

Na usimwombe kitu ambacho tayari unacho. Risiti yake ina nakala kwenye kitabu chako. Kumwambia mama aliyelowanishiwa mzigo “tuma risiti, tuma kitambulisho, andika barua” ni kumbebesha kazi ya ofisi yako.

Sasa siku ya kuahidi, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu akiwa mbele yako na uso wa huzuni, ulimi unateleza: “Kesho nitakwambia.” Hujahesabu chochote. Umemwambia siku unayoitamani, na kesho utazima simu.

Hesabu namna hii. Andika kila aliyeugusa mzigo, na mbele ya kila mmoja andika lini unaweza kumpata uso kwa uso au kwa simu ya kutulia. Karani wa Mombasa aliyepokea: Ijumaa asubuhi, kabla ya ofisi kufungwa kwa swala. Aliyepokea jetini Mokowe: Ijumaa asubuhi pia. Nahodha wa boti: yupo bandarini kila siku, tena unamjua, lakini mwache mpaka uone chumvi kama ipo, ili umuulize jambo badala ya kumtuhumu. Hamali wa mkokoteni: leo hii. Utingo wa basi: Jumamosi mchana, basi likifika. Mtu wa mwisho kupatikana ndiye anayepanga siku yako, na hapa ni utingo. Yaani kabla ya Jumamosi jioni huwezi kujua, hata ukitaka.

Halafu ongeza siku ya anayeamua. Wewe unaweza kujua kilichotokea Jumamosi, lakini fidia inaamuliwa Mombasa, na Jumapili hakuna mtu ofisini. Bosi atasoma Jumatatu. Mpe Jumatatu nzima, kwa sababu atataka kukuuliza maswali. Inabaki Jumanne. Na ndani ya Jumanne chagua saa, si “Jumanne” tu, kwa sababu anayengojea Jumanne huanza kungojea alfajiri. Kabla ya saa 6 mchana inakutosha. Ukiwa na mgeni wa kutoka nje, hasa wale wa Shela, andika saa kwa namna ambayo haitamchanganya: wake ni “12:00”, na ukimwandikia saa 6 atakungoja tangu asubuhi au mpaka jioni.

Je, nafasi ya dharura? Katika hesabu hii ipo moja: utingo akikosekana Jumamosi unaweza kumpata kwa simu Jumapili bila kuvunja ahadi. Hiyo inatosha. Usijaze siku kumi kwa ajili ya usalama wako. Mwenye harusi Ijumaa akiambiwa atajibiwa baada ya siku kumi na nne, ameambiwa kwamba jibu halitamsaidia.

Inshallah iandike kwa moyo wote, lakini saa itaje pia. Watu wa kwetu wanaijua ile inshallah inayowekwa mahali pa saa.

Umeona pia kwamba nimemweleza sababu ya kuchelewa: utingo yuko safarini. Sababu ya kweli iliyo wazi humfanya mtu avumilie kuliko maneno matano ya kubembeleza. Lakini angalia nilivyoitaja. Nimetaja kazi, sikutaja jina, na sikusema anashukiwa. Lamu ni ndogo. Nahodha unayemuuliza huenda ni binamu ya mume wa shangazi, na ukimwambia mama “nadhani ni boti ya fulani,” kabla ya isha habari itakuwa imefika barazani kwa mama yake nahodha. Ikija kuonekana si yeye, huna namna ya kuirudisha. Mteja ana haki ya kujua utaangalia hatua zipi za safari. Majina ya wafanyakazi na ya makuli hayamsaidii kitu, na yanaweza kumwumiza asiye na kosa. Nahodha mwenyewe naye, akisikia ametajwa mtaani, hatakwambia tena kwamba siku ile turubai halikufika mbele ya boti.

Na kwa kuwa ni shangazi yako, jirani, utashawishika kulimaliza jambo mlangoni kwa mdomo. Nenda mlangoni, kaa, kunywa kahawa. Kisha maandishi yafuate usiku huo huo. Bila maandishi, Jumanne yeye atakumbuka ulisema Jumatatu, wewe utakumbuka ulisema “wiki ijayo,” na ujirani ndio utakaolipia tofauti hiyo.

Tuendelee na mzigo wetu. Ijumaa karani wa Mombasa anakwambia boksi lilipokewa kavu, na uzito ulioandikwa kwenye risiti anakusomea. Hapo unaona kazi ya uzito: doti mbili zinazodaiwa si nyepesi, kwenye mizani ya ofisi zinaonekana. Lakini leso zilizorowa hazipimiki, maji yatakudanganya. Ngoja Jumamosi zikishakauka, zipime pamoja na boksi na karatasi zake zote, kwenye mizani unayoiamini. Tuseme uzito unalingana na ule wa Mombasa. Basi doti mbili hazikuibiwa njiani, hazikuingia boksini. Na utepe ambao haukukatwa kwenye zile picha za jioni unasema hivyo hivyo. Uzito ungepungua, hapo ungekuwa na jambo la wizi mkononi, na lingefaa kwenda polisi badala ya kubaki kwenye daftari lako.

Ile doti uliyoihifadhi, ikikauka, inaonyesha ukingo mweupe. Maji ya bahari. Utingo naye, Jumamosi, anasema alilishusha kavu, na aliyepokea Mokowe anayo picha ya mizigo ikiwa imepangwa jetini, boksi lenu likiwa la juu, kavu. Sasa ndipo unapomwendea nahodha, na swali lako si “ulilowanisha mzigo?” bali “Alhamisi boksi hili ulilipanga wapi?” Anakwambia mbele, chini, na upepo ulikuwa wa kurusha maji. Tahadhari moja: chumvi inakwambia sehemu ya safari, haikwambii mtu. Boksi likiachwa kwenye ngazi za jeti maji yakijaa litapata chumvi ile ile. Ni picha ya jetini pamoja na maneno ya nahodha vilivyokamilisha.

Jumamosi baada ya alasiri unapiga simu kama ulivyosema. Hapa vijana wengi huona aibu kupiga bila jibu, wanaona ni kumsumbua mtu. Piga. “Shangazi, nimezungumza na watu wa Mombasa, basi na Mokowe. Bado nakusanya, na Jumatatu ofisi itaamua. Siku yetu ni ile ile, Jumanne kabla ya saa 6.” Nusu dakika. Usimwambie bado kuhusu chumvi, kwa kuwa uamuzi haujatoka na nusu ya habari itageuka kuwa ahadi kichwani mwake. Lakini akikuuliza wazi kama mmeshajua, usimdanganye. Sema unayo dalili, na utamweleza yote kwa pamoja siku mliyokubaliana.

Ikitokea siku haitatimia, labda basi limekwama Garsen na utingo hapatikani hata kwa simu, mwambie kabla ya siku yenyewe. Jumatatu jioni, si Jumanne saa 8 mchana. Umwambie lipi limekamilika, nani amebaki, na siku mpya yenye saa. Kusogeza mara moja kwa sababu inayoeleweka watu hukubali. Mara ya pili, mwite bosi ampigie yeye mwenyewe, maana neno lako halina uzito tena.

Kuna jambo moja lisilongoja uchunguzi hata kidogo, nalo ni harusi. Fidia ya Jumanne haishoni nguo za Ijumaa. Alhamisi ile ile usiku muulize bosi ruhusa ya kitu kidogo: mama akiagiza leso nyingine Mombasa, ofisi itamletea bila nauli, bila kujali nani amekosea. Gharama yake kwenu ni nafasi ndani ya basi na boti ambavyo vinakuja tu. Akikubali, mwandikie shangazi ujumbe mwingine, useme kwa uwazi kwamba ni msaada wa haraka, na uamuzi wa hasara bado unakuja. Akikataa, usiliahidi kwa siri kwa kuwa ni jirani.

Vilevile si kila lalamiko linataka safari hii yote. Aliyetozwa nauli mara mbili, na miamala miwili unaiona kwenye simu yako ya M-Pesa, mrudishie sasa hivi na umtumie pole. Kumwambia “tutachunguza mpaka Jumanne” jambo ulilokwisha kuliona ni kumchezea.

Jibu la Jumanne, kwa kisa hiki, lina sehemu mbili na usizichanganye. Boksi lilirowa kwa maji ya bahari wakati wa kuvuka, likiwa mikononi mwenu, na ofisi imeamua hivi na hivi kuhusu doti zilizoharibika, na fedha zitafika siku fulani kwa njia fulani. Doti mbili hazikuwa ndani ya boksi lilipopimwa Mombasa, kwa hiyo hizo mumwulize mwenye duka. Nawe umpe picha ya risiti yenye uzito, imsaidie kudai. Hili la pili ni jibu ambalo hatalipenda, na linastahili maelezo marefu kuliko la kwanza. Mwisho wa jibu mweleze kwamba asiporidhika anaweza kuzungumza na bosi, kwa namba hii, na kwamba huduma za vifurushi hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya mteja aliyeanza na kampuni yenyewe asiridhike. Usiogope kumwambia.

Kwenye kitabu chako, mbele ya namba 12, weka saa lalamiko lilipoingia, saa ulipojibu, siku uliyoahidi, na siku aliyojibiwa kweli. Ongeza kisanduku kimoja ambacho wengi hawana: mteja ameuliza “mmefikia wapi?” mara ngapi kabla ya siku ya ahadi. Ukikuta kila mtu anauliza siku ya pili, jibu lako la kwanza lina tundu. Mara nyingi limekosa saa, au limekosa sababu, au mteja hajui ni nani hasa aliyelishika jambo lake.

Na bosi wako: mtumie ujumbe huo wa Alhamisi kama ulivyo, umwombe akuonyeshe ni sentensi ipi ndani yake inayokubali kosa. Mpe dakika kumi. Akiipata, muirekebishe pamoja, na upeleke kwa shangazi kabla ya magharibi.